Kusakinisha Linux kwenye Chromebook Iliyokwisha Muda wa Masasisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanamhusu mtu mwenye Chromebook ya zamani ya Intel ambayo haipokei tena masasisho ya ChromeOS, naye anataka kuigeuza iwe kompyuta kamili ya Linux. Mfano unaofuatwa ni Acer C720, iliyotoka mwaka 2013 na kuacha kusasishwa mwaka 2019. Ina prosesa ya Celeron 2955U, kumbukumbu ya GB 2 au 4, na katika toleo lake la kawaida diski ya GB 16. Jina la bodi yake ni PEPPY. Mwenye modeli nyingine atumie hatua hizi kwa tahadhari, kwa sababu mahali pa skrubu na aina ya diski hutofautiana.

Nimeshawasha hali ya msanidi programu. Kwa nini Chromebook bado inakataa kuwaka kwa flashi ya Linux?

Kwa sababu hali hiyo hufungua mlango mmoja tu. Inakuruhusu kupata dirisha la amri lenye mamlaka ya juu, na inaifanya mashine iache kuhakiki sahihi ya mfumo wa uendeshaji kila inapowaka. Haibadilishi programu dhibiti, yaani ile programu ndogo iliyomo ndani ya chipu kwenye bodi ambayo ndiyo ya kwanza kufanya kazi unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Programu dhibiti ya kiwandani imeundwa kwa ajili ya ChromeOS, na haijui kuanzisha kisakinishi cha kawaida cha Linux kwa njia ya UEFI, yaani utaratibu ambao kompyuta za kisasa hutumia kuwasha mfumo wa uendeshaji.

Kazi iliyobaki, kwa hiyo, ni kuamua utakachoifanyia programu dhibiti hiyo. Uamuzi huo una uzito kuliko uchaguzi wa aina ya Linux, ingawa watu wengi huanza na huo wa pili.

Kwa wale ambao bado hawajaiwasha, hali hiyo huwashwaje?

Hifadhi kwanza faili zako mahali pengine, kwa kuwa kuiwasha hufuta kila kitu kilichomo kwenye diski ya ndani. Kisha shikilia Esc na kitufe cha kuonyesha upya (kile chenye mshale wa duara), na ubonyeze kitufe cha kuwasha. Skrini ya urejeshaji itakapotokea, bonyeza Ctrl+D, halafu Enter. Mashine itajizima na kuwaka, kisha itachukua dakika kadhaa kujifuta.

Tangu hapo, kila ukiiwasha utaona onyo lisemalo `OS verification is OFF`. Bonyeza Ctrl+D kulipita. Usibonyeze kitufe cha nafasi, kwa sababu ndicho kinachoanzisha kurejesha uhakiki, na kurejesha huko hufuta data upya.

Ikiwa Chromebook ni ya shule au kampuni na imesajiliwa chini ya usimamizi wake, huenda msimamizi amezuia hali hii. Njia sahihi hapo ni kumwomba aiondoe mashine kwenye usajili.

Nina njia zipi, na ipi inafaa?

Ziko njia mbili zinazostahili kufikiriwa kwa mashine ya namna hii. Ya kwanza ni kutumia sehemu ya programu dhibiti iitwayo `RW_LEGACY`, ambayo huiacha programu ya kiwandani ilivyo na kuongeza uwezo wa kuwasha mfumo mwingine kwa Ctrl+L. Ya pili ni kuifuta programu dhibiti ya kiwandani yote na kuweka mahali pake ile ya UEFI, ambayo kwenye skripti ya MrChromebox, mradi unaotoa programu dhibiti mbadala za Chromebook, huitwa `UEFI (Full ROM)`.

Njia ya kwanza inavutia kwa kuwa haihitaji kufungua mashine. Kwenye C720 unaandika amri moja tu:

```
sudo crossystem dev_boot_legacy=1
```

Tatizo lake huonekana baadaye. Ruhusa hiyo ya Ctrl+L haikuandikwa mahali pa kudumu. Betri ikiisha kabisa, kwa mfano mashine ikikaa kabatini kwa muda mrefu, ruhusa inaweza kupotea, na ukibonyeza Ctrl+L utasikia milio miwili ya kukataa na hakuna kingine kitakachotokea. Kama ChromeOS bado ipo, utaingia humo na kuandika amri tena. Lakini kama Linux ilichukua diski nzima, hakuna ChromeOS ya kuingia, na itakubidi urejeshe ChromeOS kwa flashi ya urejeshaji, jambo litakaloifuta Linux pamoja na faili zote. Zaidi ya hayo, lile onyo la mwanzo linabaki, na mtoto au mgeni yeyote akiufungua mfuniko na kufuata maelekezo ya skrini anaweza kufuta mashine bila kukusudia.

Kwa mashine ambayo ChromeOS yake haisasishwi tena, mimi nachagua njia ya pili bila kusita. Hakuna cha maana cha kuhifadhi upande wa ChromeOS, na ukishamaliza utakuwa na kompyuta inayowaka kama nyingine yoyote: hakuna onyo, hakuna mlio, hakuna Ctrl+L. Gharama yake ni kwamba ChromeOS ya kiwandani haitawaka tena mpaka urudishe programu dhibiti ya awali. Maswali yanayofuata yanahusu njia hii.

Nitajuaje kwamba kinga ya kuandikwa bado imewashwa?

Chipu inayobeba programu dhibiti ina kinga ya umeme inayozuia sehemu yake muhimu isiandikwe upya. Ukiwa ndani ya ChromeOS, bonyeza Ctrl+Alt+T, andika `shell`, kisha:

```
sudo crossystem wpsw_cur
```

Jibu likiwa 1, kinga imewashwa. Likiwa 0, imezimwa. Neno `shell` likikataliwa kuwa amri isiyojulikana, maana yake hali ya msanidi programu haijawashwa kweli. Kwenye matoleo mapya ya ChromeOS, `sudo` hukataliwa ndani ya dirisha hilo la kivinjari hata kama hali imewashwa. Hapo bonyeza Ctrl+Alt pamoja na kitufe cha mshale wa mbele kilichoko mstari wa juu, uingie kwa jina `chronos` kwenye skrini nyeusi itakayofunguka, na ufanye kazi zote humo.

Kinga hiyo inaondolewaje kwenye C720?

Kwa kutoa skrubu moja. Kwenye Chromebook za kizazi hicho, bodi ina vipande viwili vya shaba vilivyotenganishwa, na skrubu ndiyo inayoviunganisha; ikikaa mahali pake, chipu imefungwa, na ikitoka, imefunguliwa.

Zima mashine kabisa na uchomoe chaja. Igeuze, toa skrubu za kifuniko cha chini, na usisahau ile iliyofichwa chini ya kibandiko cha dhamana, kwa sababu wengi huvunja vishikizo vya plastiki wakivuta kifuniko ambacho bado kimeshikiliwa na skrubu hiyo. Pitisha kitu chembamba cha plastiki pembezoni mpaka kifuniko kiachie. Kabla hujagusa bodi, chomoa kebo ya betri.

Skrubu ya kinga unaitambua kwa kuangalia kitako chake. Skrubu za kawaida hukaa kwenye duara moja kamili la shaba, ilhali hii hukaa kwenye duara lililokatwa na kuwa vipande viwili au zaidi. Itoe, uiweke mahali salama, rudisha kebo ya betri na kifuniko, kisha uwashe na kurudia amri ya hapo juu. Usiendelee mpaka jibu liwe 0. Likibaki 1, umetoa skrubu nyingine.

Chromebook za miaka ya baadaye hazina skrubu hii. Zenye chipu ya usalama ya Cr50, nyingi hufunguliwa kwa kuchomoa betri na kuwasha mashine kwa chaja peke yake, au kwa kebo maalumu ya utatuzi. Tafuta maelezo ya modeli yako kwa jina la bodi kabla hujachukua bisibisi.

Programu dhibiti mpya inawekwaje?

Chomeka chaja, hakikisha betri ina umeme wa kutosha na mtandao unafanya kazi, na uwe na flashi ndogo ya kuwekea nakala. Ukiwa kwenye dirisha la amri la ChromeOS, andika:

```
cd
curl -LO https://mrchromebox.tech/firmware-util.sh
sudo bash firmware-util.sh
```

Skripti itafungua menyu, na juu yake itaandika jina la modeli, jina la bodi, aina ya programu dhibiti iliyopo na hali ya kinga. Soma mistari hiyo taratibu. Bodi iwe ile unayoitarajia, kwa mfano huu PEPPY, na kinga ionyeshwe kuwa imezimwa. Ndipo uchague kuweka `UEFI (Full ROM)`.

Skripti itauliza kama unataka nakala ya programu dhibiti ya kiwandani kwenye flashi. Jibu ndiyo, hata kama una hakika hutarudi ChromeOS. Baadaye ihamishe nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa flashi hupotea, na faili hili hubeba pia taarifa za mashine yako pekee, kama namba yake ya utambulisho.

Uandishi ukianza, acha kila kitu. Usifunge mfuniko, usichomoe chaja, usibonyeze lolote mpaka skripti iseme imemaliza. Umeme ukikatika katikati, mashine haitawaka tena, na dawa yake itakuwa kuandika chipu kutoka nje kwa kifaa kama CH341A na kibano cha pini nane. Kazi hiyo inawezekana, lakini si ya kujifunzia siku hiyo hiyo.

Ukiwasha mara ya kwanza baada ya hapo, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda kuliko ulivyozoea. Subiri dakika nzima kabla ya kuingiwa na hofu; programu mpya hupima kumbukumbu mara ya kwanza, na mara zinazofuata huwaka haraka.

Nichague Linux ipi kwa diski ya GB 16 na kumbukumbu ya GB 2?

Kinachobana hapa ni diski kabla ya kumbukumbu. Linux Mint inataja GB 20 kuwa kiwango cha chini cha diski, na Ubuntu ya kawaida inataja GB 25, kwa hiyo zote mbili hazifai kwenye C720 ambayo haijabadilishwa diski. Debian yenye eneo-kazi la Xfce inaingia vizuri na kubakiza nafasi ya faili zako. Tangu toleo la 12, kisakinishi cha Debian hubeba pia programu za vifaa zisizo huria ambazo zamani zilikuwa zikitafutwa pembeni, hivyo usumbufu wa mtandao usiotambulika umepungua sana.

Diski ya C720 ni kadi ya M.2 ya SATA yenye urefu wa milimita 42, na inatoka kwa skrubu moja. Ikiwa ulikuwa na mpango wa kuweka kubwa zaidi, fanya hivyo siku ile ile unapofungua mashine kwa ajili ya kinga, halafu uchague Linux yoyote uipendayo. Kumbukumbu, kwa upande wake, imechomelewa kwenye bodi na haiongezeki.

Usakinishaji wenyewe unaendaje?

Kwenye kompyuta nyingine ya Linux, andika faili la Debian la amd64 kwenye flashi. Badilisha `sdX` iwe jina halisi la flashi, ambalo utalipata kwa `lsblk`, maana amri hii hufuta bila kuuliza:

```
sudo dd if=debian.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync
```

Chomeka flashi kwenye Chromebook, uiwashe, na ubonyeze Esc nembo inapotokea ili upate menyu ya kuwashia. Chagua flashi. Kuanzia hapa hakuna tofauti na kompyuta nyingine, isipokuwa sehemu mbili.

Ya kwanza ni uchaguzi wa diski. Diski ya ndani ya C720 na flashi zote huonekana kama `sda` na `sdb`, na hazipangwi kwa mpangilio uleule kila mara. Amua kwa ukubwa: ile ya takriban GB 16 ndiyo ya ndani. Kwa sababu hiyo hiyo ni busara kusakinisha kwa flashi ya ukubwa tofauti na diski. Kwenye Chromebook zenye hifadhi ya eMMC mkanganyiko huu haupo, kwani jina huanza na `mmcblk`. Chagua kutumia diski nzima na kuweka faili zote katika sehemu moja. Kutenga `/home` kwenye diski ndogo namna hii huishia upande mmoja kujaa huku mwingine ukiwa mtupu.

Ya pili ni orodha ya programu karibu na mwisho. Kisakinishi hutia alama kwenye eneo-kazi la GNOME kama hujachagua. Iondoe na utie alama kwenye Xfce.

Nimemaliza kusakinisha, lakini ikiwaka inasema haioni mfumo wowote. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Linux hujiandikisha kwenye kumbukumbu ya UEFI ili ijulikane ilipo, na uandikishaji huo wakati mwingine haubaki. Mfumo wenyewe upo salama kwenye diski. Washa upya, bonyeza Esc, ingia `Boot Maintenance Manager`, kisha `Boot From File`, fungua diski ya ndani na ufuate folda `EFI`, halafu `debian`, hadi faili `grubx64.efi`. Debian itawaka. Ukishaingia, weka nakala ya kiwashio mahali ambapo UEFI hutafuta kwanza hata bila uandikishaji:

```
sudo grub-install --target=x86_64-efi --removable
```

Baada ya hapo tatizo halirudi.

Mashine inakuwa nzito nikifungua kurasa chache tu za wavuti. Nifanye nini?

Kwa GB 2 hilo ni la kutarajiwa. ChromeOS ilikuwa ikiibana kumbukumbu kimyakimya: badala ya kupeleka data isiyotumika kwenye diski, iliikandamiza na kuiacha ndani ya kumbukumbu yenyewe. Debian haifanyi hivyo mpaka uiambie:

```
sudo apt install zram-tools
echo 'PERCENT=60' | sudo tee -a /etc/default/zramswap
sudo systemctl restart zramswap
sudo zramctl
```

Amri ya mwisho inapaswa kuonyesha mstari wa `/dev/zram0` wenye ukubwa wa zaidi kidogo ya nusu ya kumbukumbu. Ukiona ukubwa wa MB 256, faili la mipangilio halikusomwa. Tofauti inaonekana wazi unapofungua kurasa kadhaa kwa pamoja, lakini usitarajie kuendesha mikutano ya video huku hati nzito ikiwa wazi pembeni. Kwa GB 2 hilo halitakuwa.

Sauti haitoki. Je, kifaa hakitambuliki?

Kwenye C720 kinatambulika, ila mfumo una vifaa viwili vya sauti na wakati mwingine huchagua kile cha HDMI. Sakinisha `pavucontrol`, fungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na uweke spika za ndani kuwa chaguo la msingi.

Kwa Chromebook nyingi zilizofuata, suala la sauti ni gumu zaidi, kwa kuwa sauti yake hupitia chipu zinazohitaji mipangilio maalumu. Skripti iitwayo `chromebook-linux-audio` hutengeneza modeli nyingi za aina hiyo, si zote. Anayenunua Chromebook iliyotumika kwa ajili ya Linux angalie kwanza kama sauti ya bodi hiyo inafanya kazi, kabla hajaangalia kitu kingine chochote.

Vitufe vya mwanga na sauti mstari wa juu havifanyi kazi.

Linux huviona kuwa F1 hadi F10. Andika amri hii, na kwenye orodha ya aina za kibodi uchague Chromebook:

```
sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration
```

Washa upya, na vitufe vitafuata alama zilizochorwa juu yake. Kitufe cha kutafuta, kilichokaa mahali pa Caps Lock, Linux hukiona kuwa kitufe cha Super, na unaweza kukipa kazi nyingine katika mipangilio ya kibodi ya Xfce.

Naweza kurudi ChromeOS?

Unaweza, mradi una ile nakala ya programu dhibiti. Ukiwa ndani ya Linux unaendesha skripti ile ile, unachagua kurejesha programu ya kiwandani, na kuielekeza kwenye faili lako. Linux za sasa huzuia programu kuigusa chipu moja kwa moja, kwa hiyo skripti ikilalamika kwamba haiwezi kuisoma, washa upya, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, yaani kiwashio cha Debian, ongeza `iomem=relaxed` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, na ubonyeze Ctrl+X. Programu ya kiwandani ikisharudi, ChromeOS yenyewe hurejeshwa kwa flashi ya urejeshaji iliyotengenezwa kwa modeli hiyo. Skrubu ya kinga iwe bado nje wakati wa kazi hii. Ukimaliza, irudishe mahali pake.